Mlango wa Dadangu Kule Firenze

Dadangu alirudi Italia mwishoni mwa Julai na kuacha miwani yake juu ya friji ya mama. Alikuwa amekuja likizo baada ya miaka mingi, na karibu likizo yote aliimalizia Mbeere, nyumbani, akilala katika chumba chetu cha zamani ambacho dirisha lake halijawahi kufungika vizuri. Mama alimpa chandarua. Alikitumia siku za kwanza, kisha akasema kinamnyima hewa, akakikunja na kukiweka kitini.

Mimi niliolewa Meru, na nina duka dogo pale Nchiru, karibu na hosteli za wanafunzi. Napiga chapa, natoa fotokopi, najazia watu fomu za mtandaoni. Kwa hiyo miwani ilipoonekana, mama alinitumia kupitia jirani aliyekuwa akija Meru, pamoja na kikapu na vitenge viwili ambavyo dada alikuwa amevisahau vilevile. Kutuma mzigo Ulaya ilikuwa kazi yangu. Nani mwingine angeijua?

Nilimwandikia dada nikimwomba anwani. Akanijibu kwa sauti, kwa sababu bila miwani alikuwa akiandika kwa shida. Nilimsikiliza nikiwa nimesimama kati ya mashine ya fotokopi na mwanafunzi aliyetaka kutolewa nakala za kitambulisho.

"Andika hivi, mdogo wangu. Kwanza jina langu, vile liko kwa pasipoti, kwa sababu ndilo liko kwa kengele ya mlango. Mstari wa pili, Via della Lavandaia, cinquantotto rosso. Hamsini na nane, rosso. Mstari wa tatu unaanza na zile nambari tano za posta, nitakuandikia hizo, halafu Firenze, halafu FI, kifupi cha mkoa. Chini kabisa, Italia. Usichanganye mistari, hawa watu wa huku hawana mchezo na anwani."

Nyuma ya sauti yake kulikuwa na maji yanayotiririka. Alikuwa anaosha vyombo. Alicheka kidogo mwishoni, akasema kuna joto kama la Kiambere, kule kwetu Mbeere.

Niliandika kwa karatasi kama nilivyosikia. Neno rosso nililiandika peke yake baada ya nambari, kwa herufi kubwa, nikidhani ni jina la mtaa au la mwenye nyumba. Kwetu huku mtu akikueleza anakoishi lazima ataje kitu kama hicho. Hatuna nambari za milango. Tuna sanduku la posta na nambari ya posta ya mji, 60200 kama ni Meru, 60100 kama ni Embu, na barua inafika kwenye sanduku, si kwa mtu. Anayetaka kukufikia wewe anakupigia simu akiwa stendi, unamwambia apite kanisa, aulize kwa fundi wa cherehani.

Katika ofisi ya vifurushi mjini Meru nilihudumiwa na mama mmoja wa makamo, mpole, mwenye kucha zilizopakwa rangi ya zambarau. Alijaza fomu kwenye kompyuta akiuliza kisanduku baada ya kisanduku.

"Nambari ya nyumba?"

"Hamsini na nane."

Akaichapa. "Sasa hii Rosso ni nini? Ni estate?"

"Nafikiri ni mtaa."

"Kompyuta inataka mji mmoja tu, madam. Nikiweka Rosso na Firenze itakataa. Na kisanduku cha nambari hakikubali maneno."

"Basi iache. Posta ya huko itajua."

Lebo ilitoka ikiwa safi, ya kuvutia, na mistari yake myeusi ya kuskania. Ilisomeka 58 Via della Lavandaia, Firenze, kisha nambari ya posta baada ya mji, jinsi tunavyoandika sisi. Niliipiga picha. Nakala yangu niliikunja nikaitia mkobani, nikarudi dukani nikiwa nimeridhika.

Siku chache baadaye dada aliniambia anaumwa kichwa. Alikuwa amerudi kwa kazi yake ya kumtunza bibi mmoja mzee, lakini ilikuwa Agosti, na familia ya yule bibi ilikuwa imemchukua kwenda naye baharini. Huko Italia, alinieleza, katikati ya Agosti mji unahamwa. Maduka yanashushwa milango ya chuma na kubandikwa karatasi. Alikuwa peke yake katika chumba chake cha kupanga, akipumzika.

"Ni baridi ya ndege," alisema. "Nimenunua dawa ya homa. Nimetokwa na jasho, sasa niko sawa."

Kesho yake alisema anatetemeka. Kisha akasema amepata nafuu, amekula hata ndizi. Jumamosi asubuhi nilimtumia ujumbe, haukusomwa. Nikapiga. Simu iliita mpaka ikakatika yenyewe.

Nilipiga tena nikiwa nafungua duka. Nikapiga nikiwa nahudumia wateja. Mara moja simu ilipokelewa, nikasikia pumzi nzito, na kitu kama kikombe kinaanguka.

"Dada?"

Alisema neno moja kwa lugha ya nyumbani. Alimwita mama. Halafu simu ilinyamaza, na tangu hapo haikupokelewa tena.

Nilikaa chini sakafuni nyuma ya kaunta. Msichana mmoja aliyekuwa amekuja kuprinti kazi yake ya chuo alichungulia juu akaniuliza kama naumwa. Nilimwambia hapana.

Nilimpigia mama, nikijaribu sauti isiniponyoke. Nikamuuliza tu kama dada alilala ndani ya chandarua siku zile za mwisho.

"Kwa nini unaniuliza hivyo?"

"Ana homa kidogo."

"Homa ya kuja na kuondoka?"

"Ndiyo."

"Hiyo ni ya kwetu," mama alisema. "Amekaa huko mpaka damu yake imesahau. Mwambie aende hospitali leo. Leo, unasikia? Wasimpe panadol."

Kumwambia ndiko kulikokuwa kumenishinda. Nilikata simu nikijua kwamba dadangu amelala mahali fulani nyuma ya mlango ambao sijawahi kuuona, katika mji ambao watu wake wameenda baharini, na kwamba daktari yeyote wa huko, hata akimfikia, asipoambiwa ametoka Mbeere kwenye malaria, ataanza kutafuta mafua.

Nilikuwa na nambari ya mtu mmoja tu mwingine Italia. Alikuwa mwanamke wa Embu, anayeishi Torino, mbali na Firenze, ambaye dada alikutana naye katika misa ya Wakenya. Aliwahi kunitumia salamu za Pasaka. Nilimpigia nikilia, na nashukuru kwamba hakuniambia ninyamaze. Aliniuliza maswali kwa sauti ya chini, kama mtu anayeandika huku akisikiliza.

"Anaishi na nani?"

"Peke yake."

"Nitapiga 112, ndiyo nambari yao ya dharura. Wataniunganisha na Firenze. Lakini watauliza anwani kabla ya kitu kingine chochote. Nipe via na civico."

"Sijui hiyo ni nini."

"Via ni barabara. Civico ni nambari ya mlango. Huku barabara hutangulia, nambari hufuata. Una nini mkononi?"

Nilikuwa na lebo. Ilikuwa imechapwa na mashine, na wakati ule hakuna kitu nilichokiamini kuliko maandishi ya mashine. Nilimtumia picha.

"Wameigeuza," alisema, "lakini naielewa. Via della Lavandaia hamsini na nane. Uko na uhakika ni Via? Si Viale, si Piazza? Kunaweza kuwa na Via ya jina moja na Viale ya jina hilo hilo, na hazikaribiani."

"Ni Via. Alisema Via."

"Kwa kengele kuna jina gani?"

"Lake. La pasipoti."

"Sawa. Kaa na simu."

Nilifunga duka. Nilivuta mlango wa mabati nusu, nikakaa ndani katika giza la mchana, nikisikia wanafunzi wakipita nje na vicheko vyao. Mume wangu alikuwa shambani Mitunguu, akimwagilia ndizi, huko ambako mtandao huja na kutoweka. Nilijaribu kusali, nikajikuta narudia Via della Lavandaia, Via della Lavandaia, kama sala. Nilifikiria jinsi nitakavyomwambia mama. Nilifikiria jeneza likishushwa uwanja wa ndege. Nilijiambia niache kufikiria, nikaanza upya.

Simu ilipolia nilikosa kuishika mara ya kwanza, ikaanguka.

"Wamefika," alisema mwanamke wa Torino. "Gari la wagonjwa limefika hamsini na nane. Hayupo."

"Hayupo vipi?"

"Ni jengo la ghorofa. Wamesoma majina yote kwenye kengele, jina lake halipo. Wamebonyeza zote. Ametoka mzee mmoja, amesema anaishi hapo tangu kuzaliwa, hakuna Mwafrika katika nyumba ile. Wanauliza scala gani, interno gani, maana yake ngazi ipi na mlango upi wa ndani. Una hiyo?"

"Hakusema ngazi. Hakusema ghorofa. Likizoni alisema nyumba yake iko chini, inaingilia barabarani, ilikuwa karakana ya mtu wa viatu zamani."

"Basi si hapo. Wanasema hawawezi kusubiri sana, kuna wito mwingine. Mpenzi, fikiri. Inaweza kuwa themanini na tano? Inaweza kuwa hamsini na nane A?"

Nilimwambia angoje, nitampigia. Nilirudi nyuma katika mazungumzo yetu na dada, nikapita picha za likizo, mama ameshika kuku, dada amevaa kofia ya baba, mpaka nikaipata ile sauti. Niliiogopa. Niliogopa kwamba nikiisikiliza itakuwa sauti ya marehemu. Nikaibonyeza.

Maji yakatiririka. Andika hivi, mdogo wangu.

Cinquantotto rosso. Hamsini na nane, rosso.

Alilisema mara mbili. Mtu hasemi jina la mtaa mara mbili akiwa amelibana na nambari hivyo, bila hata kuvuta pumzi katikati. Nilimpigia mwanamke wa Torino.

"Kuna neno rosso. Lilikuwa baada ya nambari. Mashine ya ofisi ililikataa."

"Rosso ni nyekundu," alisema polepole. "Nambari nyekundu? Sijawahi kusikia hivyo Torino. Nitumie hiyo sauti yenyewe. Usinieleze, nitumie."

Nilimtumia. Alikuwa na simu mbili. Moja ilikuwa bado na mtu wa dharura wa Firenze. Hakukata yangu. Kwa hiyo nikiwa Nchiru nilisikia sauti ya dadangu ikitoka katika simu moja huko Torino na kuingia katika nyingine, pamoja na maji yake ya kuosha vyombo, na kisha mwanamume wa Firenze akapaza sauti kwa neno moja ambalo hata mimi nililielewa.

"Rosso!"

Baada ya hapo waliongea haraka, Kiitaliano, nami nilibaki nimeshika simu kwa mikono miwili. Mwanamke wa Torino alinieleza baadaye. Katika mji ule kuna mafungu mawili ya nambari kwenye barabara moja. Nyumba za kuishi zina nambari nyeusi au za buluu. Maduka na karakana yana nambari nyekundu, na kwenye anwani huwekwa herufi r baada ya nambari. Mafungu hayo mawili yanahesabiwa kila moja peke yake, hayangojani. Hamsini na nane nyeusi inaweza kuwa huku, na hamsini na nane nyekundu iwe mbali kule mbele. Chumba cha dada kilikuwa karakana, kikageuzwa kuwa pa kulala, lakini mlango ulibaki na nambari yake nyekundu. Mtu wa Firenze akisikia rosso angejua mara moja. Lakini lebo yetu ilisema nambari tupu, na nambari tupu kwao ni nyeusi. Hakukuwa na sababu ya kuuliza rangi.

Wakati ule sikujua yote hayo. Nilijua tu kwamba gari limewashwa tena. Kulikuwa na kimya, halafu maneno, halafu kimya. Panya au mjusi alikwaruza mabati juu yangu, nikaruka.

"Wamepata mlango," alisema. "Jina lipo kwa kengele. Hafungui."

"Wavunje."

"Wanawaita zimamoto."

"Waambie wavunje!"

"Wanakuja, mpenzi. Huku ni zimamoto wanaofungua. Wanakuja."

Sijui ilichukua muda gani. Nakumbuka nilianza kumchukia kila mtu, yule mzee aliyezaliwa katika ile nyumba, familia iliyoenda baharini, mama wa watu mwenye kucha za zambarau ambaye hakunikosea lolote. Nakumbuka pia kwamba mteja aligonga mabati akiuliza kama kuna bahasha, nikamjibu kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba zimeisha.

Kisha mwanamke wa Torino akaanza kulia, nami nikajua amekufa.

"Yuko hai," alisema. "Yuko sakafuni karibu na sinki lakini anapumua. Wanambeba."

"Waambie malaria. Waambie ametoka Kenya juzi, waambie Mbeere, waambie ni malaria!"

"Nimewaambia. Nimeitaja mara nyingi hata yule bwana amesema amesikia."

Hospitali walikuta vijidudu vya malaria vingi mno katika damu. Figo zilikuwa zimeanza kulegea. Kwa siku kadhaa alikuwa chumba cha mahututi, na madaktari walimwambia mwanamke wa Torino, ambaye alipanda treni kwenda kukaa naye, kwamba hawawezi kuahidi. Mimi niliendelea kufungua duka kwa sababu nyumbani nisingeweza kukaa. Nilifanya makosa mengi. Nilitoa nakala za upande usio sahihi. Kila simu ilipoita nilitoka nje kwanza, nikasimama, ndipo nikapokea.

Katika siku hizo hizo nilikumbuka mzigo. Nilipiga ofisi wakaniambia bado uko Nairobi, unaweza kurekebishwa nikifika mwenyewe kutia sahihi. Yule mama alinikuta nimesimama mbele ya kaunta yake na karatasi niliyoiandika kwa mkono, kwa herufi kubwa, mistari minne kama dada alivyosema. Jina. Via della Lavandaia 58r, barabara kwanza, nambari baadaye, herufi imeshikana na nambari. Nambari tano za posta, Firenze, FI, zote mstari mmoja, nambari zikitangulia mji. Italia.

"Kisanduku cha nambari hakikubali herufi," alisema tena, kwa upole ule ule.

"Basi nambari ya mlango tuandike pamoja na barabara, kwenye kisanduku cha barabara. Kile cha nambari kiwe kitupu."

Alijaribu. Kompyuta ikakubali. Aliniangalia usoni.

"Huyu mtu ni mgonjwa?"

Niliinamia karatasi yangu. Alitoka nyuma ya kaunta akanishika mkono, tukasimama hivyo huku watu wa foleni wakiangalia mzani. Kisha akarudi kwenye kiti chake, akanisomea kila herufi ya lebo mpya kabla ya kuichapa, nami nikaitikia moja moja.

Dada alipopata fahamu sauti yake ilikuwa kama ya mtoto. Alikuwa ameonyeshwa picha ya chumba chake, akaniuliza mbona mlango umepigiliwa mbao. Nilimwambia ulivunjwa. Akasema alikuwa amesikia watu wakigonga, mbali sana, na alidhani ni baba anapigilia misumari kwenye boma la mbuzi. Baba yetu alikufa tukiwa shuleni. Alitaka kumwitikia, alisema, lakini aliona uvivu.

Hilo la uvivu ndilo linaloniamsha hata sasa. Si ugonjwa, si figo ambazo zilipona, ingawa sikio lake moja bado linalia kama nyuki. Ni kwamba alikuwa akisikia mlango, na kwamba mtu aliyekuwa akimwita alikuwa baba.

Mama hajui habari za mlango wala za nambari mbili. Tulimwambia tu kwamba alilazwa akapewa dawa nzuri. Mwaka huu dada alisema hatakuja likizo, kazi ni nyingi, na mama akaniuliza mimi kama huyo mtoto amemkasirikia. Tulikuwa tukichambua ndengu uani. Nilimwambia hapana, ni kazi. Mama aliendelea kuchambua, akitupa vijiwe kando, kisha akasema ameshona tundu la chandarua, na kwamba fundi amekuja kuangalia lile dirisha la chumba chetu cha zamani.